Pima mwaka wa kikundi kabla ya siku ya mgao

Katika vikundi vingi vya kuweka na kukopa, mwaka mzima hupimwa kwa namba moja, nayo ni kiasi ambacho hisa moja imezaa. Hisa iliyonunuliwa kwa shilingi 2,000 ikirudi 2,400, watu hupiga vigelegele, viongozi hupongezwa, na kikundi cha jirani husikia habari hizo kabla ya jua kuzama. Ikirudi 2,100, minong'ono huanza na mtunza fedha hutazamwa kwa jicho la pembeni.

Namba hiyo ni ya kweli, na kila mwanachama ana haki ya kuijua. Lakini kikundi hakikuanzishwa ili hisa izae. Ukifungua muhtasari wa kikao cha kwanza cha mzunguko, utakuta watu walisema mambo mengine: kila mmoja awe na akiba ya kununulia mbegu, wanyonge wapate mkopo bila kunyanyaswa, msiba ukitokea mtu asihangaike peke yake. Hayo ndiyo malengo, na mgao hauyapimi. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalitazami kwa makini: faida ya kikundi hutoka kwenye mifuko ya wanachama wenyewe. Riba inayogawanywa Desemba ililipwa na mwenzenu Machi na Juni. Mgao mnono unaweza kumaanisha kwamba mikopo iliwafaa watu na biashara zao zikakua. Unaweza pia kumaanisha kwamba wachache walikwama, wakalipa riba juu ya riba pamoja na faini, na waliokuwa na hisa nyingi wakavuna. Mgao peke yake hautakuambia ni lipi kati ya hayo lililotokea kwenu.

Ndiyo maana nashauri kila kikundi kitengeneze kadi ya alama ya mwaka, karatasi moja inayoweka malengo upande mmoja na yaliyotokea upande mwingine. Haihitaji kompyuta wala mtaalamu. Inahitaji vitabu vya hisa, leja ya mikopo, daftari la mahudhurio na mchana mmoja wa watu watatu walio tayari kuhesabu kwa uaminifu.

Ili tuelewane, tuchukue kikundi cha mfano. Kina wanachama 25, wengi wao wakulima wa mpunga katika kijiji cha Bonde la Kilombero. Kinaendeshwa kwa utaratibu unaofahamika kote nchini, ule uliotokana na vikundi ambavyo shirika la CARE lilianza kuvilea nchini Niger mwaka 1991. Wanakutana kila wiki, na kila mwanachama hununua kati ya hisa moja na tano. Hisa ni shilingi 2,000. Fedha hukaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Mkopo hauzidi mara tatu ya akiba ya mkopaji, muda wake ni miezi mitatu, riba ni asilimia 5 kwa mwezi. Kila mmoja huchangia pia shilingi 500 kwa wiki kwenye mfuko wa jamii. Mzunguko unaanza Januari na kuvunjwa Desemba.

Katika mwaka wetu wa mfano, kikundi kilikutana mara 48 na kuuza hisa 2,880, yaani akiba ya shilingi 5,760,000. Riba na faini zilileta 1,152,000. Jumla ni 6,912,000, ukigawa kwa hisa 2,880 unapata 2,400 kwa kila hisa. Asilimia 20. Kwa kipimo cha vigelegele, mwaka ulikuwa mzuri sana. Sasa tuone kadi inasema nini.

Kazi ya kwanza ni kunakili malengo kama yalivyoandikwa, bila kuyapamba. Kikundi chetu kilikuwa na malengo matano kwenye muhtasari wa Januari. Kila mwanachama afikishe akiba ya shilingi 200,000. Wanachama wasiopungua 20 wakope angalau mara moja. Mikopo tisa kati ya kumi irejeshwe kwa wakati. Mahudhurio yawe asilimia 90. Na anayepatwa na ugonjwa au msiba apewe fedha za mfuko wa jamii ndani ya siku saba.

Huenda kikundi chako hakikuandika lolote. Basi angalia sehemu ya madhumuni kwenye katiba, ile mliyoipeleka kwa afisa maendeleo ya jamii wakati wa kujisajili. Mara nyingi mtakuta maneno mapana tu, kama kuinuana kiuchumi. Hapo nasihi msitunge malengo mwezi Novemba mkijua tayari mmefika wapi, kwa sababu mtatunga yale mliyoyafikia. Hesabuni tu yaliyotokea, yaandikeni bila alama, na mweke malengo ya kweli kwenye kikao cha kwanza cha mzunguko ujao.

Baada ya malengo, kubalianeni alama kabla mtu yeyote hajafungua leja. Natumia alama tatu tu. Mbili ni kwa lengo lililofikiwa, moja ni kwa lililofikiwa robo tatu au zaidi, sifuri ni kwa lililo chini ya hapo. Kwa wasiosoma, chora duara la kijani, la njano na jekundu. Sababu ya kukubaliana mapema ni kwamba namba zikishaonekana, kila mtu huvutia upande wake. Katibu atasema asilimia 70 si mbaya, na aliyekosa mkopo atasema ni aibu. Mkiwa mmeshapanga mstari ulipo, mabishano yanabaki kwenye sababu, huko ndiko yanakofaa.

Wanaohesabu wasiwe viongozi. Chagueni watatu, mmoja awe miongoni mwa wenye hisa chache, mwingine awe anayejua hesabu vizuri. Katibu na mtunza fedha wakae karibu kujibu maswali. Si kwamba wanashukiwa wizi; ni kwamba mtu aliyeandika daftari mwaka mzima huona alichokusudia kuandika, na macho mageni huona kilichoandikwa. Siku ifaayo ni wiki mbili au tatu kabla ya mgao. Siku yenyewe ya mgao haifai hata kidogo, kwani watu wana haraka ya fedha zao, na vitabu vya hisa vikishafungwa kwa mistari mikubwa ya kuvifuta hakuna atakayerudi kuvisoma.

Lengo la kwanza ndilo linaloonyesha vizuri kwa nini kuhesabu kunahitaji uangalifu. Akiba yote ni 5,760,000. Gawanya kwa watu 25 unapata 230,400. Mtu mwenye haraka atasema lengo lilikuwa 200,000, tumepita, alama mbili. Lakini lengo halikusema wastani, lilisema kila mwanachama. Kwa hiyo lazima vitabu 25 vifunguliwe kimoja kimoja na mihuri ihesabiwe. Anayefikisha hisa 100 amefika. Kikundi chetu kilipohesabu, waliofika walikuwa 11. Wanachama 14 hawakufika, na kwa pamoja walikuwa na hisa 980, yaani 70 kwa mtu. Wale 11 walikuwa na hisa 1,900 zilizobaki. Wastani uliwaficha watu 14 kati ya 25, zaidi ya nusu ya kikundi. Kumi na moja kwa ishirini na tano ni chini ya nusu, alama ni sifuri.

Msiishie kwenye sifuri. Chukueni kitabu kimoja cha wale 14 mkiweke mezani, kwa ruhusa ya mwenyewe. Kila wiki ina safu yake yenye visanduku vitano. Hisa iliyonunuliwa inapigwa muhuri, na kisichonunuliwa kinakatwa kwa mstari. Ukifuata safu kwa kidole unausoma mwaka wa mtu huyo. Januari kuna mihuri mitatu, mitatu, miwili. Kuanzia katikati ya Februari ni muhuri mmoja, kisha mistari mitupu, wiki baada ya wiki hadi mwezi wa nne unamalizika. Juni mihuri inarudi, na Julai kuna safu zilizojaa zote tano. Fungua kitabu cha pili na cha tatu, utakuta umbo lilelile. Huo si uvivu wala dharau kwa kikundi. Ni kalenda ya mpunga. Februari hadi Aprili shamba liko kwenye palizi, ghala la nyumbani limekwisha, na shilingi 2,000 ndiyo mboga ya nyumba. Mavuno yakiingia, mtu huyohuyo anaweza kununua hisa tano bila kusita.

Mkishaona hivyo, mazungumzo hubadilika. Badala ya kuulizana nani mzembe, mnaulizana kama bei ya hisa inamfaa mnyonge wenu. Kanuni ya utaratibu huu ni kwamba bei ya hisa iwekwe pale ambapo mwanachama mwenye kipato kidogo kabisa anaweza kununua moja kila wiki. Kuishusha hadi 1,000 kungewasaidia wale 14 miezi ya njaa, lakini kungewabana wale 11, ambao hununua hisa tatu na nusu kwa wiki na wangegota kwenye tano za 1,000. Wakibanwa, sanduku hupungua na mikopo hupungua. Hakuna jibu moja hapa, na kadi haikupi jibu. Mimi ningeelekea upande mwingine: bei ibaki, ila mwanzoni mwa mzunguko kila mwanachama ajitajie lengo lake la hisa kwa mwaka mzima, liandikwe ndani ya jalada la kitabu chake, na kikundi kipime ni wangapi wamefikia walichojitajia. Aliyejitajia hisa 60 akazifikisha amefaulu kwa haki, hata kama jirani yake ana 200.

Lengo la pili ni kukopa. Hapa tena kuna mtego wa kuhesabu kitu kisichoulizwa. Leja inaonyesha mikopo 46 ilitolewa, na 46 ni nyingi. Lakini lengo lilihusu watu. Wahesabuji wakiandika kila jina mara moja tu, wanapata majina 16. Wanane kati yao walichukua mikopo 30, yaani karibu minne kila mmoja kwa mwaka, na wanane wengine wakachukua 16. Wanachama tisa hawakukopa kabisa. Kumi na sita kwa lengo la ishirini ni asilimia 80, alama moja.

Waulizeni wale tisa, lakini si mbele ya kikao. Mmoja wa wahesabuji apite kwao, akae kidogo, aulize kwa upole. Katika mfano wetu wanne walisema hawakuhitaji, na hilo ni jibu halali; kukopa si sifa. Wawili walisema wanaogopa deni. Watatu walieleza jambo ambalo uongozi haukuwa na habari nalo. Waliomba mkopo Februari na Machi ili kulipa vibarua wa palizi, wakaambiwa sanduku ni dogo wasubiri, nao wakaona haya kuomba tena. Ukirudi kwenye leja ya miezi hiyo, unaona kilichotokea. Mzunguko ndiyo kwanza umeanza, fedha ni kidogo, na wenye maduka wanaokuja na maombi makubwa wanaidhinishiwa kwanza. Pia kanuni ya mara tatu ya akiba inamwangukia mkulima vibaya, kwa sababu akiba yake iko chini kabisa wakati ambapo haja yake iko juu kabisa.

Lengo la tatu ndilo ningewasihi mlipe muda mwingi zaidi, kwa sababu hapo ndipo vikundi huanza kuoza bila mtu kunusa. Katibu atakuja na taarifa fupi: mikopo yote imelipwa, hakuna deni. Ni kweli, na lazima iwe kweli, kwa kuwa huwezi kuvunja sanduku kukiwa na deni nje. Lakini lengo lilikuwa kurejesha kwa wakati. Wahesabuji wachore safu mbili, tarehe iliyopangwa na tarehe ya rejesho la mwisho, kisha wapite mkopo mmoja mmoja. Katika mikopo 46, 33 ilirejeshwa kwa wakati na 13 ilichelewa. Thelathini na tatu kwa arobaini na sita ni karibu saba kati ya kumi.

Kisha wapite mara ya pili wakitafuta kitu kingine: mkopo uliolipwa siku ileile ambayo mkopaji yuleyule alipewa mkopo mpya. Mathalani, mtu alikopa 200,000 Machi. Juni anadaiwa 230,000 pamoja na riba ya miezi mitatu. Kwenye leja ya kikao hicho imeandikwa amelipa 230,000, na mstari wa chini yake umeandikwa amekopa 230,000. Kwa karatasi, mkopo wa kwanza umelipwa kwa wakati. Kwa kweli, hakuna noti iliyowekwa mezani wala kuhesabiwa. Deni la zamani limevalishwa nguo mpya, na sasa linazaa riba juu ya riba. Septemba litakuwa zaidi ya 264,000.

Si kila anayelipa na kukopa siku moja yuko kwenye shimo hilo. Mfanyabiashara wa mchele anaweza kuja na fedha taslimu za mauzo, zikahesabiwa mbele ya wote, kisha akaomba mtaji wa shehena nyingine. Tofauti mtaipata kwa maswali matatu. Je, fedha zilionekana na wahesabu fedha wa siku hiyo? Je, mkopo mpya ni sawa na deni la zamani pamoja na riba yake, au ni kiasi kingine chenye sababu yake? Na je, mnyororo uliendelea miezi mitatu baadaye? Kikundi chetu kilikuta matukio saba ya namna hiyo, mawili yakiwa ya wafanyabiashara walioleta fedha, matano yakiwa ya kuvalisha deni. Ondoa hayo matano kwenye 33, inabaki 28 kati ya 46, yaani sita kati ya kumi. Lengo lilikuwa tisa. Alama ni sifuri, na ni sifuri ambayo mgao wa asilimia 20 uliifunika kabisa, maana sehemu ya faida hiyo ililipwa na watu walewale waliovalisha madeni.

Kuna jambo la tatu ambalo leja haiwezi kulionyesha hata kidogo, nalo ni chanzo cha fedha za kulipia. Novemba, kikundi kikikaza watu wamalize madeni kabla ya kuvunja, baadhi hukimbilia mikopo ya mitaani, ile watu waliyoibatiza kausha damu, inayolipwa kila siku au kila wiki kwa riba ya kutisha. Kwenye kadi yenu wanaonekana wamefaulu, na nyumbani jiko au baiskeli imeshikwa kama dhamana. Njia ya kujua ni kura ya siri. Kila mmoja anapewa punje ya mahindi na punje ya maharage. Aliyewahi kukopa nje mwaka huu ili kulipa kikundi anatumbukiza haragwe kwenye chungu kilichofunikwa, na ambaye hakuwahi anatumbukiza hindi. Punje iliyobaki mkononi kila mmoja anaitia kwenye kikapu kingine kilichofunikwa, ili isionekane. Mnahesabu maharage bila kumjua mtu. Iandikeni namba hiyo pembeni mwa kadi, bila alama. Mwaka ujao mtakuwa na kitu cha kulinganisha.

Malengo mawili yaliyobaki hayahitaji maneno mengi. Mahudhurio ni hesabu nyepesi: watu 25 mara vikao 48 ni 1,200, waliofika ni 1,044, asilimia 87 kwa lengo la 90, alama moja. Angalizo langu ni moja, msimhesabu aliyetuma hisa kwa mwenzake kuwa amehudhuria, kwa sababu hakuwepo mikopo ilipojadiliwa. Mfuko wa jamii ulipokea maombi tisa, na yote yalilipwa ndani ya siku saba. Alama mbili, na aliyesimamia mfuko huo anastahili kutajwa kwa jina mbele ya kikao.

Kadi yenyewe, ikiandikwa kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila, inakuwa hivi:

| Lengo la Januari | Tulihesabu wapi | Tulifika wapi | Alama |
|---|---|---|---|
| Kila mwanachama akiba 200,000 | Vitabu vya hisa | 11 kati ya 25 | 0 |
| Watu 20 wakope | Leja ya mikopo, majina | 16 | 1 |
| Mikopo 9 kati ya 10 kwa wakati | Leja ya mikopo, tarehe | 28 kati ya 46 | 0 |
| Mahudhurio asilimia 90 | Daftari la mahudhurio | 87 | 1 |
| Mfuko wa jamii ndani ya siku 7 | Daftari la mfuko | 9 kati ya 9 | 2 |

Mtu atataka kujumlisha safu ya mwisho na kutangaza kwamba kikundi kimepata 4 kati ya 10. Zuieni hilo. Jumla inarudisha kosa lilelile la mgao, namba moja inayomeza zote. Kikundi kinaweza kupata 8 kati ya 10 huku sifuri yake pekee ikiwa kwenye marejesho, na kikundi cha namna hiyo kiko hatarini kuliko chenye alama 6 ambacho sifuri zake ziko kwenye mahudhurio na mfuko. Someni kila mstari kwa sauti, mstari kwa mstari, na baada ya kila mmoja mnyamaze kidogo watu waseme.

Katika kusoma huko, majina ya wadaiwa yasiingie kwenye karatasi wala kwenye mjadala. Wote mnawajua, na kuwataja hakuongezi taarifa yoyote. Kutawafanya wajitoe mzunguko ujao, nao ndio waliohitaji kikundi zaidi. Mwenyekiti aseme tangu mwanzo kwamba kinachopimwa ni kanuni zetu na utaratibu wetu. Na ikiwa mwenyekiti mwenyewe ni mmoja wa wale wanane wenye mikopo 30, basi kikao hicho kiongozwe na mtu mwingine.

Kutoka kwenye kadi chukueni hatua mbili au tatu, msizidishe. Kikundi kinachoamua mambo kumi Desemba hakikumbuki hata moja Machi. Kwa mfano wetu, ningeshauri hizi. Kwanza, mkopo mpya usitolewe kwenye kikao kilekile ambacho deni la zamani linalipwa. Kipite angalau kikao kimoja, na fedha za rejesho zihesabiwe mezani. Aliyeshindwa kulipa kwa wakati aongezewe muda waziwazi, iandikwe kwamba ameongezewa, na mkopo wake ujao usizidi mara mbili ya akiba badala ya tatu. Hili litapunguza faida, na wanachama waambiwe hivyo kabla ya kupiga kura: huenda hisa ikarudi 2,300 badala ya 2,400. Wakikubali wakijua gharama yake, hawatakuja kulalamika.

Hatua ya pili ni kwa wale watatu wa palizi. Siku ya mgao, kila mwanachama anunue hisa tano za mzunguko mpya papo hapo, kabla fedha hazijafika nyumbani. Watu 25 kwa hisa tano za 2,000 ni shilingi 250,000 siku ya kwanza kabisa, na sanduku halianzi tupu. Kisha mwandike kanuni kwamba hadi mwisho wa Machi maombi madogo ya shamba yanasikilizwa kabla ya maombi makubwa ya duka. Hatua ya tatu ni ile ya kila mtu kujitajia lengo lake la hisa.

Kila hatua iwe na mtu anayeisimamia na kikao ambacho ataulizwa. Kanuni ya mikopo, katibu, kikao cha mwisho wa Machi. Malengo ndani ya majalada, mmoja wa wahesabuji, kikao cha tatu cha Januari. Mabadiliko yanayogusa katiba, kama hayo ya mara mbili ya akiba, yapigiwe kura na kuandikwa kwenye katiba yenyewe. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi hivi vimewekwa kwenye daraja la nne na vinasajiliwa kupitia halmashauri, kwa hiyo katiba iliyoko kwenye faili la ofisi na mnayoifuata sandukuni zisipishane.

Kadi ya mwaka huu ikunjwe iwekwe ndani ya sanduku, chini ya vitabu. Julai, mavuno yakiwa yameingia na watu wana nafasi, itoeni mhesabu upya mistari miwili tu, akiba na marejesho. Nusu mwaka inatosha kuonyesha kama kuvalisha madeni kumekoma, na bado kuna miezi mitano ya kurekebisha kabla ya kuvunja.